Kalenda au orodha ya kazi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mambo ya kila siku

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watu huyarudia wanapotaka simu iwakumbushe mambo ya kila siku: dawa, hesabu za duka, kumwagilia, kumuwahisha mtoto kituoni. Mifano mingi inatoka kwenye nyumba moja ya kubuni huko Tanga. Mama mwenye nyumba ana kibanda cha wakala wa pesa za simu. Anaishi na mama yake mzee anayemeza dawa za presha, ana mtoto wa darasa la pili, na nyuma ya nyumba ana matuta mawili ya mchicha.

## Mambo ya mwanzo

Tukio la kalenda na kazi inayojirudia si kitu kimoja? Yote mawili hunipigia arifa.

Kwenye arifa yanafanana. Tofauti huanza arifa ikishalia. Tukio lina saa yake, na saa hiyo ikipita nalo limepita. Kesho kalenda italionyesha vilevile kama jana, haijali kama ulifanya au hukufanya. Kazi hukaa mpaka uitie tiki. Usipoitia, inabaki juu ya orodha ikikudai, mara nyingi kwa rangi nyekundu.

Tofauti hii imeandikwa hata kwenye kanuni ambayo kalenda nyingi huitumia kubadilishana taarifa, iitwayo RFC 5545, ya mwaka 2009. Humo tukio huitwa `VEVENT`, na kazi huitwa `VTODO`. Tukio linaweza kuwa la kupangwa tu bila uhakika, limethibitishwa, au limefutwa, basi. Hakuna pa kuandika kwamba limefanyika. Neno `COMPLETED` liko upande wa kazi peke yake. Ndiyo maana ukiiuliza kalenda kama bibi alimeza dawa jana, haina jibu. Itakuonyesha tu kwamba jana kulikuwa na saa ya dawa.

Niamue vipi jambo liende wapi?

Jiulize swali moja: saa ikipita sijafanya, jambo hili limekufa, au bado ninadaiwa?

Basi la shule hupita kituoni saa 12:20 asubuhi. Ukichelewa limekwenda, na orodha ikikukumbusha saa 4 haikusaidii chochote. Hilo ni tukio. Hesabu ya floti ya kibanda hufungwa saa 2 usiku. Ikikushinda saa 2 utaifunga saa 4, na ikishindikana utaifunga alfajiri kabla ya kufungua kibanda, maana bila hesabu ya jana huwezi kujua ya leo inaanzia wapi. Hilo ni deni, na mahali pa deni ni orodha ya kazi.

Wengi hukosea kwa kuangalia kama jambo lina saa au halina. Hesabu ya floti ina saa, tena ya kudumu, lakini bado ni kazi. Saa hukuambia uanze lini. Haikuambii kitakachotokea usipofanya.

Na kengele ya kawaida ya simu?

Usiidharau. Arifa ya kalenda hulia mara moja na kunyamaza, na kama simu iko kabatini au jikoni kuna kelele, imekupita. Kengele huendelea kulia kwa dakika nyingi mtu asipoizima. Kwa jambo ambalo ni lazima lisikike dakika ileile, kengele inazishinda kalenda na orodha zote mbili. Kasoro yake ni kwamba ikishazimwa haikumbuki kitu. Mara nyingi dawa ya tatizo ni kengele na kazi kwa pamoja, kama inavyoonyeshwa kwenye sehemu ya "Dawa ya mama".

Niliandika saa 2 usiku, simu ikalia watu wote wamelala. Kwa nini?

Kwa sababu simu haihesabu saa kwa Kiswahili. Ukiandika 2:00 ya usiku, yenyewe inaelewa saa 8 usiku. Saa 2 usiku yetu ni 20:00 ya simu, na saa 12:20 asubuhi ni 06:20. Kosa hili huwapata hata watu waliotumia simu miaka mingi, hasa wanapoandika haraka huku wakizungumza.

Kinga nyepesi ni kuiweka simu kwenye mfumo wa saa 24. Hapo huna haja ya kufikiria alama za asubuhi na jioni, na namba kama 20:00 haifanani na saa yoyote ya Kiswahili, kwa hiyo macho yanashtuka kabla kidole hakijahifadhi. Kwenye jina la kazi andika saa ya Kiswahili, kwa mfano "Funga hesabu, saa 2 usiku", ili arifa ikilia wakati usio wake uligundue kosa papo hapo.

## Kazi zinazojirudia

Nimeiacha kazi ya kila siku kwa siku tatu. Nikitia tiki moja, itakwenda wapi?

Hapa ndipo programu zinapotofautiana, na watu huamua "programu imeharibika" kumbe imefanya ilivyoagizwa. Kuna tabia tatu. Zimeandikwa wazi kuliko kwingine kwenye Org mode, programu ya maandishi inayopendwa na mafundi wa kompyuta, kwa hiyo naziazima alama zake:

```
+1d    sogeza siku moja tu
++1d   sogeza mpaka tarehe ijayo
.+1d   anza kuhesabu leo
```

Ya kwanza inasogeza siku moja kwa kila tiki. Kama kazi ilikuwa ya Jumatatu na leo ni Alhamisi, tiki moja inaipeleka Jumanne, na bado iko nyekundu. Utatia tiki tena na tena mpaka uifikie leo. Ni usumbufu, lakini kwa hesabu ya floti ndiyo tabia unayoitaka, kwa sababu kila siku iliyorukwa ina daftari lake na lazima ifungwe kivyake. Tiki moja isifute deni la siku tatu.

Ya pili inaruka mpaka tarehe ya kwanza iliyo mbele, bila kuhamisha ratiba. Hiyo inafaa mambo ambayo siku ikipita haifidiwi, kama kupiga mswaki wa jioni na mtoto. Hakuna mtu anayepiga mswaki wa juzi.

Ya tatu inaanza kuhesabu kuanzia siku uliyotenda. Mchicha unaomwagiliwa kila baada ya siku mbili ni mfano mzuri. Ratiba inasema Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mvua ikanyesha Jumatano, ukamwagilia Alhamisi. Ratiba isiyobadilika ingekurudisha bustanini Ijumaa, ardhi ikiwa bado ina maji. Inayohesabu kuanzia siku ya kutenda itakuita Jumamosi. Kwenye Todoist, programu ya orodha ya kazi, tofauti hii ni alama moja ya mshangao: `every 2 days` hufuata ratiba, `every! 2 days` hufuata siku uliyotia tiki.

Kalenda haina tabia ya tatu kabisa. Haijui ulitenda lini, sasa itahesabu kuanzia wapi? Jambo lolote linalotegemea mara ya mwisho ulipolifanya lisiende kwenye kalenda.

Nitajuaje programu yangu inafuata tabia ipi?

Usiamini maelezo, ijaribu. Tengeneza kazi ya bandia ya kila siku, iite "Jaribio", na uiache bila tiki kwa siku mbili kamili. Siku ya tatu angalia mambo mawili. La kwanza, je, iko moja au zimekuwa tatu? Baadhi ya programu huacha ya zamani na kuleta mpya pembeni yake, nyingine huweka moja tu. La pili, itie tiki uone imehamia tarehe gani. Ikienda kwenye siku inayofuata ile ya zamani, ni tabia ya kwanza. Ikiruka mbele ya leo, ni ya pili au ya tatu.

Kuzitenganisha hizo mbili, rudia kwa kazi ya kila wiki: ipange Jumatatu, itie tiki Jumatano. Ikirudi Jumatatu ijayo inafuata ratiba. Ikija Jumatano ijayo inafuata siku ya kutenda.

Orodha yangu imejaa nyekundu mpaka siifungui tena. Nifanyeje?

Karibu kila mara chanzo ni matukio yaliyovishwa nguo za kazi. Mtu anaweka "amka", "kunywa chai", "taarifa ya habari saa 2" kama kazi za kila siku. Hakuna hata moja inayodaiwa ikishapita, lakini kila moja inaacha alama nyekundu, na baada ya wiki deni la kweli la floti limezama katikati ya madeni ya uongo.

Pitia kila iliyo nyekundu kwa swali lile la mwanzo. Iliyokufa ifute au ihamishie kwenye kalenda. Ukimaliza, orodha ya kila siku ikiwa na zaidi ya kazi tano au sita zinazojirudia, mimi ningeshuku kwamba bado kuna zilizojificha.

## Upande wa kalenda

Arifa iwe dakika ngapi kabla?

Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka kwenye tendo lenyewe, usiiache ile ambayo programu imeiweka yenyewe. Basi ni 06:20, na kutembea mpaka kituoni ni dakika 8. Kumvisha mtoto viatu na kutafuta chupa ya maji iliyopotea ni dakika 10. Arifa ya kwanza iwe dakika 20 kabla, yaani 06:00, na ya pili dakika 9 kabla, ya kusema tokeni sasa. Google Calendar inaruhusu mpaka arifa 5 kwa tukio moja, lakini mbili zinatosha. Ukiweka nyingi, kidole kitazoea kuzifuta bila macho kusoma.

Nibadilishe vipi siku moja tu, au kipindi kizima kama Ramadhani?

Ukihariri tukio linalojirudia, kalenda huuliza kama mabadiliko ni ya siku hiyo pekee, ya siku hiyo na zinazofuata, au ya yote. Likizo ya siku moja: chagua siku hiyo pekee. Ukibofya "yote" kwa haraka umebadilisha hata miezi iliyopita, na kama uliandika maelezo kwenye siku fulani unaweza kuyapoteza.

Kwa Ramadhani, ambako ratiba ya nyumba inageuka mwezi mzima, usihangaike kuhariri. Lipe tukio la zamani tarehe ya kuishia, siku moja kabla ya mfungo. Tengeneza la pili kwa saa za mwezi huo, nalo ulipe mwisho. Kisha la tatu lianze baada ya Idi. Kwenye orodha ya kazi ni rahisi zaidi, unabadilisha saa mara mbili tu. Saa za dawa ni habari nyingine: mpangilio wa kumeza wakati wa kufunga hupangwa na kliniki, simu inaufuata tu.

Wenzangu kazini wanaona nimeshikwa saa zote, kumbe ni "kunywa maji".

Tukio lenye saa kwa kawaida huhesabiwa kuwa umeshikwa, isipokuwa ulibadilishe na kuchagua `Free`. Afadhali zaidi, litoe kwenye kalenda ya kazini.

## Arifa isipolia

Kazi iko, saa imepita, simu haikulia. Tatizo ni nini?

Kwenye simu za Android anza na ruhusa. Tangu Android 13, programu mpya inapaswa kuomba ruhusa ya kutoa arifa, na wengi hubonyeza kukataa bila kusoma. Tangu Android 14, programu nyingi zinazosakinishwa upya hazipewi moja kwa moja ruhusa ya kulia kwa dakika kamili. Programu za kalenda na za kengele zinaweza kuipata bila kukuuliza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Programu ya orodha ya kazi inaweza kuhitaji uiruhusu mwenyewe, kwenye mipangilio panapoitwa `Alarms & reminders`. Hii ndiyo sababu mtu hushangaa kalenda inalia sawasawa na orodha inachelewa robo saa kwenye simu hiyohiyo.

Halafu kuna kubana matumizi ya betri. Android huzilaza programu simu ikiwa imetulia mezani kwa muda, na baadhi ya simu huongeza ukali wao juu ya hapo. Dalili yake ni hii: arifa hazilii usiku kucha, kisha ukiwasha kioo zinamiminika zote kwa mkupuo. Fungua mipangilio ya betri ya programu hiyo na uchague `Unrestricted`.

Umeme ukikatika na simu ikazima?

Kwa saa hizo hakuna kitakacholia. Ila simu ikiwaka tena, kazi ambayo haikutiwa tiki bado iko kwenye orodha, wakati arifa ya tukio lililopita ni rahisi kukosekana usijue. Kama mtaa wenu umeme hukatika jioni jioni, hilo peke yake ni sababu ya kuyapeleka mambo ya jioni kwenye orodha.

## Dawa ya mama: mfano kwa ukamilifu

Kidonge kimoja kila saa 2 usiku. Ni tukio au ni kazi?

Swali la mwanzo hapa linayumba, na ndiyo maana dawa huulizwa kuliko yote. Kidonge kikikosekana saa 2 bado kinadaiwa saa 3. Lakini kesho usiku ule wa jana umekufa, kwa kuwa mtu hafidii kwa kumeza viwili pamoja bila kuambiwa na kliniki. Ni deni lenye ukomo.

Nyumba yetu ya Tanga inapanga hivi. Kengele ya simu inalia 20:00 kila siku, ili isikike hata televisheni ikiwa imewashwa. Pamoja nayo kuna kazi ya kila siku, "Mama amemeza dawa, saa 2 usiku", yenye tabia ya pili, yaani tiki inaipeleka kwenye usiku ujao bila kulimbikiza. Tiki hutiwa baada ya kidonge kumezwa na maji kunywewa. Anayetia tiki wakati kengele inalia, akisema "nitampa sasa hivi", ameharibu kazi yote.

Alhamisi asubuhi kazi ya Jumatano bado ni nyekundu. Hiyo ina maana moja kati ya mbili: hakumeza, au amemeza na tiki ikasahaulika. Usikisie, hesabu vidonge. Kama pakiti ya vidonge 30 ilianzwa tarehe 1, basi baada ya usiku wa tarehe 12 vinapaswa kubaki 18. Vikiwa 18 alimeza, tia tiki. Vikiwa 19 hakumeza. Hapo usitie tiki ili kuondoa wekundu. Badilisha tarehe ya kazi iwe ya leo usiku, ili kumbukumbu isiseme uongo siku mtakapoulizwa kliniki kwa nini presha imepanda. Zikikosekana siku mbili mfululizo, waulizeni kliniki.

Tukiwa wawili tunaompa dawa?

Hapo kalenda ya pamoja ni hatari. Wote wawili wanapata arifa, mmoja anampa saa 2, mwingine anarudi kutoka kibandani saa 3 na kumpa tena, kwa kuwa hakuna alama kwamba tayari. Tumieni kazi moja kwenye orodha ya pamoja. Wa kwanza akitia tiki, inatoweka kwenye simu ya mwenzake. Lakini simu zote mbili ziwe na bando wakati huo, la sivyo tiki haivuki, na mwenye shaka apige simu kwanza.

## Mambo ya pembeni

Saa za sala niziweke kama tukio linalojirudia?

Hapana. Hata huku kwetu karibu na ikweta, machweo ya Dar es Salaam husogea kwa zaidi ya nusu saa kati ya miezi. Tukio la saa isiyobadilika litakuwa sahihi wiki chache tu. Tumia programu ya saa za sala inayokokotoa kwa mahali ulipo. Jambo linalofungamana na sala, kama kufunga kibanda wakati wa Magharibi, lifuate adhana.

Ndugu yangu yuko Maskati. Tukio la saa 2 usiku kwake linaonekana saa 3.

Ni sawa kabisa. Tukio hubeba majira ya mahali lilipotengenezwa, na Maskati iko saa moja mbele yetu. Kwa kikao cha ukoo cha simu ndivyo inavyotakiwa. Kwa jambo lake binafsi, kama kulala, alitengeneze mwenyewe akiwa na majira ya huko, au aliweke kama kazi, na kwenye mipangilio ya kazi achague saa inayofuata mahali alipo kama programu ina chaguo hilo.

Niko Minneapolis, nimempangia mama wa Mombasa arifa kwenye kalenda ya pamoja. Kuanzia Novemba inalia saa 3 usiku badala ya saa 2. Nani kaigusa?

Hakuna aliyeigusa. Uliitengeneza majira ya joto, 12:00 ya simu huko Minneapolis, yaani saa 6 mchana, ambayo wakati huo ni 20:00 ya Mombasa. Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani hurudisha saa nyuma, na Afrika Mashariki haibadilishi. Tofauti ikatoka saa 8 hadi saa 9. Tukio lako limebaki 12:00 ya Minneapolis, na kwa mama likasogea mpaka 21:00. Machi lingerudi lenyewe, mkashangaa tena.

Fungua tukio, nenda palipoandikwa majira ya saa, na uyabadilishe yawe ya Nairobi, kisha uandike 20:00. Chagua siku hiyo na zinazofuata. Kwako ndiko litakakoruka kati ya 12:00 na 11:00 mara mbili kwa mwaka, na kwa mama litabaki saa 2 usiku.